Kurekodi voisi noti bila kushikilia simu: yanayosemwa na ukweli wake

Mi nashona nguo, vipimo vya wateja namtumia mwenzangu anayekata kitambaa kwa voisi noti za WhatsApp, kwa hiyo hii kitu naitumia kutwa nzima na naona kabisa watu wanavyoteseka nayo bure.

Watu wanasema: ukirekodi lazima ukandamize maiki mpaka umalize kuongea.

Si kweli. Kandamiza maiki, utaona kakufuli kanatokea juu yake, sasa bila kuinua kidole telezesha kwenda juu mpaka kwenye hako kakufuli ndo uachie. Imeshaloki. Utajuaje? Umeachia lakini sekunde bado zinahesabu, na chini kimetokea kikapu cha taka, alama ya pozi na mshale wa kutuma. Iphone zilipata hii mwishoni mwa 2017, Android zikafuata 2018, sio kitu kipya jamani. Usipoloki, kidole kikiachia tu noti inaenda hapohapo kama ilivyo. Mi ilishanikuta, nimetaja kifua na kiuno, tepu ikaanguka, nikashtuka nikaachia, ikaenda bila hipsi, mwenzangu akadhani hipsi ni zilezile za gauni la mwanzo la yule mama akakata. Kitambaa nililipa mimi.

Watu wanasema: ukiloki noti inakuwa siri, mwingine hawezi kuifungua.

Hapana, kakufuli kanashikilia maiki badala ya kidole chako, basi. Hakaweki namba ya siri na wala hakafungi kioo cha simu. Naona wanachanganya na ile alama ya 1 ndani ya duara inayotokea ukishaloki, iliyokuja Desemba 2023, ukiigusa anayetumiwa anasikiliza mara moja tu halafu basi. Kwa vipimo usiiguse kabisa! Mkataji anarudia kusikiliza hata mara nne mkasi ukiwa mkononi.

Watu wanasema: ukipozi noti imeisha, ukiendelea inakuwa noti ya pili, au katikati panabaki kimya kirefu.

Hapa ndo watu wengi wanapokwama. Tangu Machi 2022 WhatsApp walipotangaza pozi, noti inabaki moja ileile. Chukua gauni la jana: nimeloki, simu mezani, mikono yote kwenye tepu, nasema "kifua 40, kiuno 34, hipsi 44", mteja akaitwa nje na mwanae, nikagusa vile vistari viwili vyekundu. Saa ikasimama kwenye sekunde ya 19. Mama karudi baada ya kama dakika tano hivi, pale penye vistari palishageuka maiki nyekundu, nikaigusa, ikaendelea kuhesabu kutoka 19 nikamalizia mkono na urefu. Mwenzangu kapata noti ya sekunde 41, zile dakika tano hazimo hata kidogo. Tahadhari moja tu, usipozi katikati ya neno, malizia namba kwanza uvute pumzi ndo uguse, la sivyo "arobaini na nne" inaweza kufika "arobaini na" halafu neno lingine kabisa.

Watu wanasema: ukipozi unaweza kurudi nyuma ukafuta ulipokosea.

Laiti ingekuwa hivyo. Ukipozi unapata kipembetatu cha kucheza, unajisikiliza kabla ya kutuma, na hii peke yake inaokoa mambo mengi, ila kukata kipande cha katikati hakuna. Una njia mbili, uongeze mwishoni au kikapu cha taka, na kikapu kinafuta yote toka mwanzo. Jana nilipojisikiliza nikakuta nimesema mkono 23 wakati ni 21. Sikufuta, nikagusa maiki nikaongeza "narudia mkono, mkono ni 21, ile 23 iache". Kosa likiwa moja ongeza sahihisho, ila kama vipimo vitatu vimechanganyika futa uanze upya, maana mtu anayekata akisikia masahihisho matatu mfululizo hajui tena ashike lipi.

Watu wanasema: si imeloki, basi simu weka popote.

Maiki ya simu nyingi iko upande wa chini, karibu na tundu la chaji. Ukiilaza ule upande ukiangalia cherehani, kinachosikika ni mota. Mi naugeuzia kwangu, kama shubiri mbili kutoka mdomoni, na mwenye cherehani jirani akianza kukanyaga napozi mpaka amalize mshono wake. Halafu noti ikiwa kwenye pozi usianze kuzurura kwenye chati zingine, malizia, sikiliza, tuma, ndo ushike kazi nyingine.