MAE hupimwa kutoka bei ya kuingilia, si kutoka kilele cha faida

Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, wanaofanya biashara ya sarafu kwa simu wamelizoea neno MAE, kifupi cha Maximum Adverse Excursion, na siku hizi linaitwa kwa kila aina ya maumivu. Akaunti ikipungua kwa wiki nzima, mtu anasema MAE yake ni kubwa. Faida ya pipsi 35 ikiyeyuka hadi 5, hiyo nayo anaiita MAE. Yote mawili siyo, na kosa hili linagharimu, kwa sababu kipimo hiki kina kazi moja tu ya maana: kukuonyesha SL, yaani bei ya kukata hasara, ikae umbali gani.

MAE ni umbali mkubwa kabisa ambao bei ilikwenda kinyume nawe, ukihesabu kutoka bei uliyoingilia, tangu biashara ilipofunguliwa hadi ilipofungwa. Aliyekieneza kipimo hiki ni John Sweeney, Mmarekani, katika maandishi yake ya miaka ya 1990. Ukinunua EURUSD kwa 1.0850, bei ikashuka hadi 1.0836, kisha ikapanda na kukufungia kwa faida, MAE yako ni pipsi 14. Umepata faida, lakini MAE ipo, tena hiyo ndiyo yenye habari tunayoitaka.

Kupungua kwa akaunti hupimwa kutoka kilele cha salio na hujumlisha biashara nyingi. MAE ni ya biashara moja. Faida iliyoyeyuka hupimwa kutoka kilele cha faida. MAE haikijui kilele hicho. Bei ikipanda pipsi 35 moja kwa moja bila kugusa chini ya ulipoingilia, halafu ikarudi na ukafunga kwa pipsi 5, MAE yake ni sifuri. Mwenye kuiandika 30 kwenye daftari lake ataweka SL mbali kuliko inavyohitajika, kwa sababu amechanganya swali la wapi pa kuchukua faida na swali la wapi pa kukubali kwamba alikosea.

Swali la pili ndilo letu, na jibu lake limo ndani ya biashara zilizofaulu. Ukizipanga kwa MAE, utaona kama zilizofaulu zina tabia ya kutokwenda kinyume kupita umbali fulani. Tabia hiyo ikiwepo, bei ikipita pale, uwezekano kwamba biashara hii itageuka kuwa ya faida umekwisha kuwa mdogo. SL inakaa hapo, nje kidogo ya mpaka huo.

Sasa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Mtu ametumia SL ya pipsi 20 mwaka mzima, anafungua historia ya biashara zake, anakuta hakuna MAE iliyozidi 20, anasema ushahidi umethibitisha kwamba 20 inatosha. Haujathibitisha kitu. Ukisimamisha mti wa futi tatu ufukweni kupima maji ya bamvua, kila maji yakiufunika utaandika futi tatu, na hutajua kamwe yalifika wapi. Biashara zilizokatwa kwenye 20 zinaweza kuwa zilifika 22 zikageuka na kwenda kwenye TP, yaani bei ya kuchukua faida, au zilifika 90. Historia ya akaunti haiwezi kukuambia.

Kwa hiyo inabidi urudi kwenye chati. Chukua kila ingizo la zamani, chukulia SL ilikuwa mbali sana, acha TP na muda wa kufunga kama vilivyo katika mbinu yako, kisha soma bei ilifika wapi. Hapa pana mambo mawili ya kuangalia kwa makini. Mshumaa wa saa moja ulioingilia una bei ya chini ambayo huenda ilitokea kabla hujaingia. Shuka kwenye chati ya dakika moja, M1, kwa mshumaa huo na kwa ule wa kutokea. Pili, chati ya sarafu kwenye MetaTrader kwa kawaida huchorwa kwa Bid, bei unayouzia. Ukinunua, unafunga kwa Bid, basi chati inatosha. Ukiuza, unafunga kwa Ask, bei unayonunulia, hivyo ongeza tofauti ya Bid na Ask juu ya bei ya juu ya mshumaa, la sivyo MAE ya biashara zote za kuuza itaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa.

Tuseme mtu ana mbinu ya kununua EURUSD baada ya London kufunguka, saa nne au saa tano asubuhi kwa saa zetu kutegemea majira ya kwao. TP ni pipsi 40, na isipofikiwa anafunga saa mbili usiku. Amerudia maingizo 50 kwenye chati bila SL. Biashara 28 zilifika TP, 22 zilifungwa kwa hasara. Katika zile 28, kumi na moja hazikufika pipsi 10 kinyume, kumi na tatu zilikuwa kati ya 10 na 18, tatu kati ya 18 na 26, na moja ilifika 41. Katika zile 22, ishirini zilivuka 30, na mbili zilifungwa kwa hasara ya pipsi 12 bila kwenda zaidi.

Akiweka SL kwenye 10, anabaki na ushindi 11 tu, yaani pipsi 440, na hasara 39 za pipsi 10. Kinachobaki ni pipsi 50. Kwenye 18 anabaki na ushindi 24, pipsi 960. Hasara 24 za pipsi 18 na mbili za 12 zinaondoa 456, zinabaki 504. Kwenye 27 anaokoa ushindi tatu zaidi, lakini kila hasara ya kweli inakuwa ghali, na anabaki na 489.

Kwa pipsi, 18 na 27 hazina tofauti kubwa. Lakini anayekubali kupoteza shilingi 20,000 kila SL inapoguswa, kila pipsi kwenye SL ya 18 ina thamani zaidi kuliko kwenye SL ya 27, maana loti yake, yaani ukubwa wa biashara, ni kubwa. Pipsi 504 ukizigawa kwa 18 unapata mara 28 ya shilingi 20,000, yaani 560,000. Pipsi 489 ukizigawa kwa 27 ni kama mara 18, karibu 362,000. SL ya 10 inampa 100,000.

Nisingeishika 18 kama namba takatifu. Ni biashara nne tu za ushindi zilizovuka mpaka ule, na maingizo 50 ni machache. Afadhali atafute mpaka kwa nusu ya kwanza ya maingizo, kisha aujaribu kwenye nusu ya pili. Mpaka ukihama mbali, basi haukuwepo. Na kama soko limekuwa la vurugu kuliko kipindi kile, pipsi 18 za jana si 18 za leo, ndiyo maana wengine huigawa MAE kwa ATR, kipimo cha wastani wa mwendo wa bei, ya siku ya kuingia.

Wapo pia wanaoweka SL kwenye wastani wa MAE. Nia yao ni njema, kwa kuwa angalau wanatazama ushahidi. Ila katika mfano huu wastani wa zilizofaulu ungeangukia karibu na 12, katikati ya lile kundi la kumi na tatu, na SL ingekata sehemu kubwa ya ushindi ambao mbinu inaishi kwao. Wazipange kwa ukubwa, kisha watafute mahali zinapoanza kuwa adimu.