Pengo la mshahara linalotokana na sura hupimwaje?

Makadirio yanayonukuliwa zaidi kuhusu sura na mshahara ni ya wanauchumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, waliyoyachapisha mwaka 1994. Walitumia tafiti za kaya za Marekani na Kanada ambamo mhojaji, pamoja na kuuliza kazi na kipato, alimpa mhojiwa alama ya sura katika ngazi tano. Waliowekwa ngazi ya chini kabisa walikuwa wachache mno, kwa hiyo ngazi zikakunjwa kuwa makundi matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani.

Kisha walilinganisha mshahara wa saa wa watu wanaofanana kwa elimu, uzoefu na mengineyo yaliyorekodiwa. Kwa wanaume, wa kundi la chini walipata takriban 9% pungufu ya wale wa wastani, na wa kundi la juu 5% zaidi. Yaani wenzake wa wastani wakilipwa dola 10 kwa saa, wa chini analipwa 9.10 na wa juu 10.50. Kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo zaidi.

Kwangu mimi, udhaifu mkubwa uko kwenye ile alama. Imetolewa na mtu mmoja tu. Tuseme kati ya wanaume 10 aliowaita wa chini, 3 kwa macho ya wengi ni wa wastani na wanalipwa kama wa wastani. Ikiwa pengo la kweli ni 10%, hesabu itaonyesha 7%. Kosa la namna hii hupunguza pengo.

Lakini mhojaji huyohuyo ameona nguo, meno, pengine hata sebule. Mwenye mshahara mnono hupendeza kwa sababu anazo fedha za kujitunza, na hapo pengo huvimba. Makosa haya mawili huvutana, na ukiitazama 9% peke yake huwezi kujua lipi limeshinda.

Ndiyo maana mwaka 1998 watafiti haohao walitumia picha za wanafunzi wa sheria zilizopigwa walipoanza chuo, kila picha ikipewa alama na watu kadhaa. Mshahara wa baadaye hauwezi kubadili picha ya zamani. Hata hivyo, utajiri wa wazazi unaweza kuonekana usoni tangu utotoni.

Kukunja ngazi nako kuna gharama yake. Mwaka 2018 Satoshi Kanazawa na Mary Still waliitenganisha ngazi ya chini kabisa katika data za vijana wa Marekani, wakakuta waliomo humo wanapata zaidi ya wale wa ngazi inayofuata. Kundi hilo ni dogo, hivyo watu wachache wenye kipato kikubwa wanaweza kulipandisha. Mimi nayaamini matokeo hayo kwa tahadhari.

Tena, hesabu zote hizi zinahitaji mshahara. Mwanamke aliyekataliwa kazi kwa sababu ya sura yake, akabaki nyumbani, hana mshahara wa kuingizwa. Hasara yake, iliyo kubwa kuliko zote, haimo katika asilimia yoyote niliyoitaja.