Karadha ya mshahara haipunguzi mshahara

Karadha ya mshahara, ambayo wengi tunaiita advansi, ni fedha ambazo mwajiri humpa mfanyakazi kabla ya siku ya malipo, kisha akazirejesha kwa kukata katika mishahara inayofuata. Ikipangwa kurejeshwa kwa miezi kadhaa na kutozwa riba, hata iwe ndogo, inakuwa deni kama madeni mengine, ingawa anayedai ni mwajiri mwenyewe. Maana yake haina zaidi ya hapo. Kinachonisukuma kuandika ni kauli inayosikika kila mwanzo wa mwaka katika hoteli na kampuni za utalii za Arusha na Moshi, ada za shule zikiwa zimeshalipwa kwa advansi ya Desemba: "Mwezi huu mshahara wangu umepunguzwa." Mfanyakazi akisema hivyo, tunaelewa anachomaanisha. Tatizo ni pale anayeandaa orodha ya malipo anapoiamini kauli hiyo na kuifanyia hesabu.

Mshahara haujapunguzwa. Mshahara ghafi, yaani ule ulioandikwa kwenye mkataba kabla ya makato yoyote, umebaki uleule, na kazi ya mwezi mzima imelipwa yote. Kilichopungua ni fedha zinazoingia mkononi, kwa sababu mfanyakazi ametumia sehemu ya mshahara wake kulipa deni. Tofauti hii ndiyo inayoamua mchango wa NSSF na kodi ya PAYE vikokotolewe juu ya kiasi gani, na kwa hiyo ndiyo inayoamua kama hesabu nzima ya miezi hiyo ni sahihi au la.

Tumchukue mpishi wa hoteli moja mjini Moshi mwenye mshahara ghafi wa shilingi 600,000. Mchango wake wa NSSF, asilimia 10, ni shilingi 60,000. Mchango huo huondolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe juu ya shilingi 540,000 zinazobaki. Kwa viwango vya Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni shilingi 20,000. Na shilingi 20,000 zinazozidi 520,000 hutozwa asilimia 20, ambayo ni shilingi 4,000. Kodi yake ni shilingi 24,000, na katika mwezi usio na deni anapokea shilingi 516,000.

Mwishoni mwa Desemba anapewa karadha ya shilingi 480,000, irejeshwe kwa miezi minne kuanzia Januari, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kila mwezi analipa shilingi 120,000 za deni lenyewe. Riba ya Januari inahesabiwa juu ya 480,000, nayo ni shilingi 4,800. Februari deni limeshuka hadi 360,000, hivyo riba ni 3,600. Machi ni 2,400 na Aprili ni 1,200. Makato haya hutolewa katika zile shilingi 516,000, baada ya NSSF na kodi, si kabla. Kwa hiyo Januari anapokea shilingi 391,200, Februari 392,400, Machi 393,600 na Aprili 394,800. Malipo yake yanapanda kwa shilingi 1,200 kila mwezi bila mtu yeyote kumwongeza mshahara, kwa sababu tu riba inapungua pamoja na deni. Mei anarudi kwenye 516,000.

Sasa tazama kinachotokea mhasibu anapoamini kwamba mshahara wa Januari "umepunguzwa". Anachukua 600,000, anatoa makato ya 124,800, na kuandika mshahara ghafi wa shilingi 475,200. Mchango wa NSSF unashuka hadi 47,520. Kodi nayo, ikihesabiwa juu ya 427,680, inakuwa shilingi 12,614 badala ya 24,000. Mpishi anaondoka na takribani shilingi 415,066, karibu 24,000 zaidi ya anachostahili kupokea mwezi huo, na kwa kawaida hakuna anayelalamika anapopokea zaidi. Ila akaunti yake ya NSSF imekosa shilingi 12,480 za mchango wake na nyingine kama hizo za mwajiri, ambaye naye huchangia asilimia 10, na pengo hilo linajirudia kwa kiasi kinachokaribiana na hicho hadi Aprili. Kodi iliyopelekwa TRA nayo ni pungufu, na siku ya ukaguzi ni mwajiri atakayeulizwa kwa nini mfanyakazi yuleyule, mwenye mkataba uleule, alikuwa na mshahara mdogo kwa miezi minne na kisha ukarudi ulivyokuwa. Nimeona kosa hili likitetewa kama huruma kwa mfanyakazi. Huruma hiyo inalipwa na mafao yake ya baadaye, na yeye hakuulizwa.

Kuhusu riba sitakaa sana, lakini neno "ndogo" nalo lisiachwe hewani. Asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalopungua imemgharimu mpishi wetu shilingi 12,000 kwa miezi yote minne. Asilimia 1 ileile ikitozwa kila mwezi juu ya 480,000 za mwanzo, kana kwamba hajarejesha kitu, ingemgharimu shilingi 19,200. Fomu isiyosema riba inatozwa juu ya nini haijasema riba ni kiasi gani. Tena kwa mtindo wa deni linalopungua, akiacha kazi mwishoni mwa Februari baada ya makato ya mwezi huo, anachodaiwa ni shilingi 240,000 za deni lililobaki. Riba za Machi na Aprili hazimhusu, kwa kuwa miezi hiyo hatakaa na fedha za mtu.

Makato yenyewe hayafanywi kwa maneno ya mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata deni kwenye mshahara bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi, isipokuwa makato hayo yawe yametokana na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi. Makubaliano mazuri yanataja kiasi cha karadha, idadi ya miezi, riba na msingi wake, na namna salio litakavyolipwa ajira ikikoma kabla ya deni kuisha.

Kwa hiyo ningeomba tuseme kwamba malipo ya mkononi yamepungua kwa sababu ya karadha, na hati ya mshahara iseme hivyohivyo: juu kabisa mshahara ghafi wa 600,000, kisha NSSF, kisha PAYE, na chini ya hapo mstari wa karadha na mstari wa riba, pamoja na salio la deni. Mpishi anayetaka kujua kama amehesabiwa sawasawa hahitaji kurudia hesabu yote. Aangalie mchango wa NSSF wa Januari kwenye taarifa yake ya michango, aulinganishe na wa Desemba, na ukiwa umeshuka, apeleke karatasi zote mbili kwa mhasibu na kumwomba kwa upole asahihishe miezi yote ya karadha, si huo mmoja tu.