Uhariri usioharibu: kubadili mandharinyuma bila kurudia kazi

Uhariri usioharibu ni utaratibu wa kuifanyia picha kazi huku pikseli zake za awali zikibaki kama kamera ilivyozitoa. Ukikata mtu kutoka kwenye ukuta, ukipunguza ukubwa wake au ukibadili rangi ya ngozi yake, hakuna kinachofutwa. Kila hatua inahifadhiwa peke yake juu ya picha, na unaweza kuifungua tena wiki ijayo, ukairekebisha au ukaiondoa. Kwenye programu ya Photoshop picha hupangwa kwa leya, yaani tabaka moja juu ya jingine, na utaratibu huu unategemea Smart Object, leya inayoifungia picha halisi ndani yake, leya za marekebisho, zinazobadili rangi au mwanga wa zilizo chini yake, makundi ya leya, na maski inayoviunganisha vyote kwa kuamua sehemu ipi ionekane na ipi ifichwe.

Faida yake huonekana zaidi pale mteja anapotaka mandharinyuma nyingine. Chukua picha ya mhitimu aliyevaa joho jeusi, nywele zake za afro zimechanuliwa, amepigwa studio mbele ya ukuta mweupe. Faili ni pikseli 4000 kwa 6000. Familia inataka bustani nyuma yake. Kazi inakamilika, kisha wanaona kijani kimezidi, wanaomba kijivu kilichokolea. Baadaye dada yake anapendekeza jengo la chuo. Aliyemkata mhitimu kwa kifutio, akampaka rangi moja kwa moja kupitia Image > Adjustments, kisha akaunganisha leya zote, analazimika kuanza upya kila mara. Ncha za nywele alizifuta, na ukijani aliomwekea ili aendane na bustani umeshazama kwenye ngozi.

Sasa tuipange kazi hiyohiyo vizuri. Kabla ya kugusa chochote, bofya leya ya mhitimu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Convert to Smart Object. Kuanzia hapo picha halisi imefungiwa ndani ya leya kama faili ndani ya faili, na unachokiona kwenye skrini ni hesabu iliyofanywa juu yake. Mpunguze kwa Ctrl+T hadi asilimia 30, bonyeza Enter, kisha kesho mrudishe hadi asilimia 100: ukali wake unarudi wote. Leya ya kawaida isingeweza, kwa sababu pikseli zilizotupwa wakati wa kupunguza hazirudi. Lakini zingatia mpaka wake. Smart Object hulinda kile ulichokifungia humo, haikitengenezi. Ukiikuza kupita asilimia 100 picha inapoteza ukali, na kama uliipunguza kabla ya kuigeuza, kilichopotea kimeshapotea.

Kuna jambo linalowakera wengi: ukichukua brashi au Clone Stamp, zana ya kunakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine, Photoshop inakataa kupaka juu ya Smart Object na inaweza kukuuliza kama uifanye kuwa leya ya kawaida. Usikubali. Fungua leya tupu juu yake, na kwenye Clone Stamp weka Sample iwe Current & Below. Chunusi zitafunikwa kwenye ile leya tupu, na picha ya chini itabaki salama.

Baada ya hapo ndipo ukate. Mpangilio huu una sababu. Ukitengeneza maski kwanza halafu ukageuza leya kuwa Smart Object, maski inamezwa ndani. Bado ipo, ila kila ukitaka kurekebisha ukingo wa sikio itabidi ufungue faili la ndani, mahali ambapo huioni mandharinyuma mpya. Maski inatakiwa iwe nje, uifanyie kazi huku ukitazama matokeo. Chagua mhitimu, ingia Select and Mask, safisha nywele kwa Refine Edge Brush, na kwenye Output To chagua Layer Mask. Kile kisanduku cha Decontaminate Colors kiache wazi. Kinavutia kwa sababu kinaondoa weupe wa ukuta kwenye nywele papo hapo, lakini kinafanya hivyo kwa kubadili rangi za pikseli zenyewe, ndiyo maana matokeo yake hutoka kwenye leya mpya. Hapo umeshauvunja utaratibu. Weupe huo tutauondoa kwa njia nyingine.

Sasa makundi. Weka leya ya mhitimu pamoja na ile ya kufunika chunusi kwenye kundi moja kwa Ctrl+G, uliite MHITIMU. Kisha buruta maski kutoka kwenye leya uiweke juu ya kundi lenyewe. Kwa njia hii ukingo unakuwa mmoja tu kwa kila kitu kilichomo ndani, hata vile utakavyoongeza baadaye. Ukitaka kumsogeza, sogeza kundi zima, kwa sababu ukisogeza leya ya ndani pekee, mtu atahama na maski itabaki ilipokuwa.

Hapa pana kosa ambalo halijitangazi. Kundi jipya huanza katika hali ya Pass Through, yaani leya ya marekebisho iliyomo ndani inaweza kuvuja na kubadili vilivyo chini ya kundi. Badili hali ya kundi MHITIMU iwe Normal, na athari itaishia humo. Kuthibitisha, weka humo ndani leya ya marekebisho ya Curves, inayobadili mwanga na rangi, kisha zima na uwashe jicho lake huku ukitazama mandharinyuma peke yake. Ikibadilika hata kidogo, inavuja. Maski ya kundi inaweza kuficha sehemu kubwa ya uvujaji huo, kwa hiyo chunguza zaidi kwenye kingo za nywele, ambako maski ni nusu wazi.

Mandharinyuma nayo naipenda iwe Smart Object, ila ya aina tofauti kidogo: sanduku lenye ukubwa usiobadilika. Chini ya kundi fungua leya mpya, ijaze rangi yoyote kutoka ukingo hadi ukingo, igeuze kuwa Smart Object, uipe jina NYUMA. Bofya mara mbili kijipicha chake na dirisha jingine litafunguka. Humo ndani weka picha ya bustani kama leya mojawapo, na kijivu kama leya nyingine. Washa unayoitaka, bonyeza Ctrl+S, rudi kwenye faili kuu. Mandharinyuma imebadilika, na hakuna kilichoguswa kwa mhitimu.

Kwa nini usitumie tu Replace Contents, ambayo huleta picha mpya mahali pa ile ya zamani? Inafanya kazi, lakini picha mpya hurithi vipimo vya kupunguza au kukuza vilivyowekwa kwa ile ya kwanza. Kama bustani ilikuwa na pikseli 6000 na jengo lina 2500, jengo litatokea dogo katikati ya skrini, uanze kulitafutia nafasi. Ndani ya sanduku unaipanga kila picha mara moja tu. Zaidi ya hayo, ukiweka Gaussian Blur juu ya NYUMA kutoka nje, inakaa kama kichujio kinachofunguka tena: kila picha utakayowasha ndani itapata ukungu uleule, na ukitaka kuupunguza unabofya jina lake mara mbili na kuandika namba nyingine.

Angalizo kuhusu kunakili. Ukirudufu Smart Object kwa Ctrl+J, nakala zote mbili zinatumia faili moja la ndani. Ukibadili moja, nyingine inafuata. Ukitaka nakala inayojitegemea tumia New Smart Object via Copy.

Sasa bustani inaondoka na kijivu kilichokolea kinaingia, na papo hapo kinaonekana kile ambacho bustani yenye mwanga ilikuwa imekificha: mstari mweupe kuzunguka afro, mabaki ya ukuta wa studio. Maski haijaharibika. Ncha za nywele ziliubeba mwanga wa ukuta tangu picha ilipopigwa. Ndani ya kundi MHITIMU, juu ya leya zote zilizomo, fungua leya tupu yenye hali ya Multiply, ambayo hutia giza kilicho chini yake. Chukua rangi ya nywele kutoka sehemu yenye giza, weka brashi laini yenye Opacity ya asilimia 15 hivi, upite taratibu kwenye kingo mpaka mstari utulie. Rangi haiwezi kutoka nje kwa sababu maski ya kundi inaizuia. Leya hii iite kingo-kijivu, kwa kuwa ni mali ya kijivu: siku mkirudi kwenye bustani utaizima, la sivyo nywele zitaonekana kama zimechorwa kwa kalamu.

Rangi ya mtu nayo ni mali ya mandharinyuma fulani. Aliyesimama bustanini hupokea ukijani kidogo kutoka kwenye majani, hasa chini ya kidevu na kwenye mikono. Mbele ya kijivu ukijani huo unamfanya aonekane mgonjwa. Kwa hiyo tengeneza Color Balance na Curves za bustani uzikunje kwenye kundi dogo rangi-bustani, na za kijivu kwenye rangi-kijivu, yote mawili yakiwa ndani ya MHITIMU. Makundi haya madogo yaachwe kwenye Pass Through. Ukiyaweka Normal, marekebisho hayatakuwa na picha ya kufanyia kazi humo ndani, na hutaona badiliko lolote. Kundi la nje linafunga, la ndani linapitisha. Ukishapanga hivyo, paneli ya Layer Comps inaweza kukumbuka leya zipi zimewashwa na zipi zimezimwa kwa kila toleo la faili kuu, ingawa sanduku la NYUMA bado utalifungua mwenyewe kama hukutengeneza Layer Comps ndani yake pia.

Gharama ipo. Faili linakua, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itapumua kwa shida kila unapohifadhi sanduku. Faili la PSD haliwezi kupita GB 2. Ukikaribia hapo hifadhi kama PSB, aina ya faili ya Photoshop kwa kazi kubwa. Place Linked hupunguza uzito kwa kuacha picha nje ya faili, lakini ukihamisha kazi bila kubeba na folda ya picha, viungo vinakatika. Mchapishaji mpe nakala ya TIFF au JPEG iliyobanwa kuwa leya moja. Wewe baki na faili lenye leya zake.

Dada anapoleta picha ya jengo la chuo, kazi inakuwa hii: fungua NYUMA, weka jengo, lipange, hifadhi. Zima rangi-kijivu, tengeneza rangi-jengo. Kuza hadi asilimia 100 ukague kingo, kwani ukuta wa jengo ukiwa wa rangi nyepesi, kingo-kijivu haihitajiki. Halafu angalia jua linatoka upande gani. Kama kwenye jengo vivuli vinaangukia kulia na uso wa mhitimu una kivuli kushoto, hakuna leya ya marekebisho itakayovipatanisha. Geuza picha ya jengo kwa Flip Horizontal ndani ya sanduku ikiwa haina maandishi, na ikiwa ina kibao chenye jina la chuo, omba picha nyingine iliyopigwa saa tofauti.