Mtoto anapofika darasani na njaa: dhana potofu kuhusu barua kwa wazazi

Dhana: Mtoto akifika na njaa, basi kwao hakuna chakula.

Wakati mwingine ndivyo ilivyo, lakini sababu ni nyingi. Mtoto aliyekula saa moja jioni, akaingia darasani saa mbili asubuhi bila kutia kitu mdomoni, amekaa saa 13 na tumbo tupu. Yupo anayeamshwa mapema mno, hamu ya kula bado haijaja. Yupo anayeshikwa na kichefuchefu kwa hofu ya shule. Yupo anayemeza dawa za kumsaidia kutulia na kuzingatia, ambazo baadhi yake hupunguza hamu ya kula. Na yupo ambaye kweli kwao chakula kimekwisha kabla ya siku ya mshahara. Kwa macho tu, hawa wote wanafanana.

Dhana: Mwenye njaa atasema.

Mtoto mdogo husema tumbo linauma, au kichwa. Mkubwa hunyamaza, akalaza kichwa juu ya dawati au akagombana na jirani yake kwa jambo dogo. Kinachomtambulisha ni kwamba akishakula, anabadilika palepale. Mwalimu aandike siku na saa za hali hiyo kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuhitimisha. Ikiwa ni Jumatatu tu, huenda shida iko mwishoni mwa wiki. Ikiwa ni kila siku, pengine ni ratiba ya asubuhi.

Dhana: Barua ya faragha kwa familia moja ndiyo yenye heshima zaidi.

Hapa nilikosea mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka saba aliyelalamika tumbo karibu kila siku kabla ya mapumziko. Nikamwandikia mama yake kwenye daftari: "Mtoto anakuja bila kula, tafadhali zingatia." Niliona ni maneno ya upole. Kesho yake mama alimleta hadi mlangoni na mkebe uliojaa chakula, akaniwekea mkononi bila neno. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akinisalimu kwa kusema, "Mwalimu, nimekula," hata nisipomuuliza, na tumbo likaendelea kumuuma. Nilikuwa nimemfundisha kuficha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa akitoka kwenda kazini kabla ya alfajiri, na chakula alichoandaa kilibaki mezani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukaa na mtoto ale.

Barua isiyoumiza huenda kwa kila familia, siku moja, kwa maneno yaleyale, wala haimtaji mtoto. Siku hizi naandika hivi:

"Wazazi na walezi wapendwa, asubuhi huwa na haraka, na si kila mtoto anaweza kula mara tu anapoamka. Kuanzia Jumatatu kutakuwa na kitu cha kula darasani kabla ya somo la kwanza, kwa mtoto yeyote anayetaka. Hakuna fomu wala malipo. Ikiwa mtoto wako ana mzio, au kuna chakula asichokula, tafadhali tujulishe. Ukipenda mtoto apewe cha kubeba nyumbani, au tuzungumze juu ya msaada mwingine, nipigie au nitumie ujumbe. Huhitaji kueleza sababu."

Neno "njaa" halimo, wala "wasiojiweza". Na jibu halipiti mikononi mwa mtoto, maana karatasi ya kurudisha husomwa na wenzake njiani.

Dhana: Bila fomu, wasiohitaji watakula cha wanaohitaji.

Baadhi watakula, ndiyo. Ndiyo maana anayehitaji haonekani: anachukua kama wenzake. Fomu inayouliza kipato humzuia kwanza yule mwenye aibu zaidi. Kama chakula hakitoshi wote, ni afadhali kugawa vipande vidogo kwa kila mtoto kuliko kuita majina. Cha kubeba nyumbani kiingie ndani ya begi wakati watoto wako nje, kwenye mfuko wa kawaida usio na alama.

Dhana: Mzazi akiomba msaada, atachukuliwa kuwa anamtelekeza mtoto.

Kukosa chakula si kumtelekeza mtoto, na mzazi anayeuliza anamtunza mwanawe. Hata hivyo, mwalimu asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Mtoto akipungua uzito, akizimia, akificha mabaki ya chakula mara kwa mara, au akisema ananyimwa kula kama adhabu, barua ya darasa zima haitoshi. Hapo mzazi aitwe faraghani, ahimizwe kumpeleka mtoto kwa mhudumu wa afya, na penye dalili za kudhuriwa, mwalimu afuate utaratibu wa ulinzi wa mtoto. Katika mazungumzo hayo mimi huanza na swali moja: "Asubuhi kwenu huwaje?" Kisha nanyamaza nisikilize.