Je, kupandisha temperature huficha maandishi ya mashine?

“Nikipandisha temperature, maandishi ya mashine hayatambuliki tena, sivyo?”

Si hivyo. Temperature ni kipimo kinachowekwa kwenye modeli ya lugha, yaani programu inayotunga maandishi neno baada ya neno, na hubadilisha uwiano wa uwezekano wa maneno kuchaguliwa: ikiwa kwa thamani ya 1 uwezekano wa neno “maji” ni mara 4 ya ule wa “chai”, kwa 0.5 huwa mara 16, na kwa 2 hushuka hadi mara 2. Kwa hiyo thamani ndogo huzaa maneno yanayotabirika mno, na hiyo ndiyo dalili inayotafutwa na zana kama GLTR ya mwaka 2019, ambayo hupaka rangi ya kijani kila neno lililo miongoni mwa 10 ya kwanza katika makadirio ya modeli.

Thamani ikipanda, kijani hupungua na zana ya aina hiyo huanza kukosea. Lakini maneno adimu, ambayo kila moja lina uwezekano mdogo ila yako maelfu, hupenya, na barua ya kuomba mkopo inaweza kuzungumzia ghafla mapezi ya samaki. Hilo msomaji wa kawaida huligundua bila zana yoyote, na kigunduzi kilichofunzwa kwa maandishi ya thamani kubwa hulinasa pia.