Nguru wa kwenye picha na nguru wa kwenye mizani

Wiki hii peke yake nimeletewa picha nne za nguru kwa wasap, zote na swali moja, huyu atafika kilo ngapi, na nikijibu kwamba kwa picha hii siwezi kukwambia naletewa hoja ileile, "Si kuna mtu hapo kamshika? Pima na mtu." Mimi kazi yangu ni kupima samaki dikoni, urefu na uzito, kaskazi na kusi, na hio dhana ya kwamba mtu akiwa kwenye picha basi tayari ushapata rula ndio inayowatia watu hasara kuliko zote. Wacha niieleze taratibu.

Mtu anakuwa rula pale tu anapokuwa umbali mmoja na samaki kutoka kwenye simu. Kamera haijui ukubwa, inajua umbali, kitu kikisogea karibu mara mbili kinaonekana kikubwa mara mbili, hesabu ni hio tu wala haina siri. Sasa mvuvi akishika samaki akanyoosha mikono mbele, samaki yuko kwenye umbali wake na kifua cha mvuvi kiko kwenye umbali mwingine, na wewe unachukua kipimo cha nyuma unakibandika kwa kitu cha mbele.

Kuna mama mmoja ana mkahawa pande za Majengo, alitumiwa picha akaambiwa nguru wa mita moja na nusu, akatoa arbuni ya kilo ishirini na ushei halafu ndio akanitumia mimi hio picha. "Mwanangu nitazamie, nimepima na mabega ya yule kijana, yuwafika mita na nusu kweli." Na hesabu yake wala haikuwa mbaya. Mabega ya mwanamume mzima ni kama sentimita 45, kwenye picha samaki alikuwa mrefu mara tatu na kitu ya yale mabega, ukizidisha unapata 150. Shida ni kwamba mabega yalikuwa nyuma.

Nikamwambia mama, achana na mabega, tazama mkono ulioshika samaki. Ule mkono umemgusa samaki kwa hio uko umbali wake, ndio rula ya haki kwenye picha nzima. Nyanda nne za mwanamume, yaani upana wa vidole vinne vikibanwa pamoja pale kwenye vifundo, ni kama sentimita 8 na nusu. Nikakuza picha kwenye skrini nikahesabu ule upana unaingia mara ngapi toka mdomoni mpaka kwenye panda ya mkia, nikapata mara 12, kwa hio sentimita 102. Samaki mmoja, picha moja, rula mbili, moja inasema 150 na nyengine 102.

Ile tofauti yenyewe inakwambia picha ilipigwaje. 150 ukigawa kwa 102 ni kama moja na nusu, yaani kifua kilikuwa mbali mara moja na nusu kuliko samaki. Mikono ikinyooshwa sawasawa inaleta samaki mbele kama sentimita 60, basi simu ilikuwa mita 1.2 kutoka kwa samaki na mita 1.8 kutoka kwa kifua, na mtu akipiga picha ya haraka dikoni kweli husimama hapo hapo.

Na hasara haikomei kwenye urefu, hapa ndipo roho inaponiuma. Uzito haufuati urefu moja kwa moja, samaki akirefuka anapanuka na kunenepa pia, kwa hio ukikosea urefu mara moja na nusu uzito unaukosea mara moja na nusu, mara moja na nusu, mara moja na nusu tena, ambayo ni zaidi ya mara tatu. Nguru wa mita moja ni kama kilo 7, wa mita na nusu anapita kilo 20. Samaki alipofika tukamlaza kwenye ubao wa kupimia, sentimita 100, mizani ikasoma kilo 7 na gramu kidogo. Ule mkono ulinizidishia sentimita mbili tu, manake si kila mtu ana kiganja cha sentimita 8 na nusu, na ndio sababu jibu la picha mimi nalitoa kwa kusema kati ya 95 na 110, silitoi kama namba moja.

Jinsi ya kugundua mikono imenyooshwa hata kama viwiko vimejificha nyuma ya samaki: linganisha kiganja na uso. Kwa watu wengi kiganja toka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati ni karibu sawa na uso toka kidevu mpaka nywele zinapoanzia. Ukiona kiganja kimeupita uso kwa mbali, samaki kasogezwa mbele. Na ukiona hakuna kidole hata kimoja kinachoonekana, samaki kashikwa kwa nyuma kwa ncha za vidole, hapo usitoe hata shilingi, omba picha nyengine.

Wengine huniambia ni zumu ndio inadanganya. Hapana, ukubwa wa kitu kwa kitu unaamuliwa na pale simu iliposimama. Kwanza zumu inakusaidia: mpiga picha akirudi nyuma mita 5 halafu akazumu, samaki yuko mita 5 na kifua mita 5.6, lile kosa la nusu nzima linashuka linabaki kama asilimia 12. Ya kuogopa ni ile lenzi pana ya 0.5x, sababu inamruhusu mtu asogee karibu kabisa na bado samaki mzima aingie, na vitu vya pembeni inavivuta.

Halafu kuna wanaoamini picha siku zote inakuza. Inapunguza pia, samaki akikaa mshazari wa digrii 45 mkia ukaelekea nyuma, kati ya sentimita 100 utaona kama 71 tu, kwa hio wavuvi nao hujipunja wenyewe kwa kushika samaki ovyo.

Picha ninayoitaka mimi ni samaki kalazwa sakafuni ubavu, karatasi ya A4 imegusana naye kwa ule upande wake wa sentimita 29.7, mpigaji kasimama juu yake katikati simu iko usawa wa kifua na imelala sambamba na sakafu, isiinamishwe. Hata hapo utazidisha sentimita tatu nne kwa nguru wa mita moja, kwa sababu ubavu wa samaki uko juu kidogo ya karatasi, hio ipunguze tu kwa kichwa.

Yule mama sasa hatoi arbuni bila picha ya karatasi. Jana kanitumia moja, karatasi inaingia mara tatu kasoro kipande kidogo, tukapata 87, tukatoa tatu, 84. Nikamwambia lipia kilo nne. Jioni akanipigia, mizani imesoma nne na robo.